AKM na 7.62x39: PS inatosha kwa jile daraja la 4, ama nijibane nipate BP?

Katuba_AKM

Salamu wakubwa. Niko Lubumbashi, nacheza gemu ya Tarkov kwenye kompyuta ya binamu yangu, usiku, umeme ukiwepo. Nina swali moja tu, na naomba musinitume kwenye ile jedwali ndefu ya risasi zote. Nimeshaiona, inaniumiza macho na sijui nianzie wapi.

Bunduki yangu ni AKM. Nimeizoea, sitaki kuiacha. Risasi ninazopata bila shida ni PS, zile anazouza Prapor, mfanyabiashara wa ndani ya gemu. BP naokota tu, chache chache, naziweka kwenye sanduku kama pesa ya mahari.

Jana kwenye ramani ya Customs, karibu na mabweni, nilimkuta jamaa amenipa ubavu. Nikampiga, akaanguka kwa risasi mbili. Mwenzake akatoka kwenye mlango, tukaangaliana uso kwa uso, nikamwachia karibu magazini nzima kifuani. Akanigeukia, akaniua. Risasi ileile, bunduki ileile, na jile zao zilikuwa za namna moja, bamba daraja la 4.

Sasa: PS inatosha kwa daraja la 4 ama ni kupoteza makuta? Na kama jibu ni BP, hizi chache nilizo nazo nizitumie namna gani?

---

Kipushi45

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. PS inapenya 35. Daraja la 4 ni 40. 35 ni ndogo kuliko 40, basi haipiti. BP ni 47, inapita. Njo mwisho.

Yule wa kwanza ulimpata kichwani bila kujua, usijidanganye.

---

M4_Kamalondo

Uza AKM kaka. Chukua M4 na M855A1, 44 ya kupenya, unasahau haya yote. AKM inaruka ruka kama imekukasirikia.

---

Katuba_AKM

@M4_Kamalondo nimesema sitaki kuiacha AKM 😅

@Kipushi45 si kichwani. Kwenye orodha ya mwisho wa reidi iliandika kifua.

---

Simu_tu_Bukavu

Mimi nashangaa mnavyojitesa. Risasi inaandikwa daraja lake, jile inaandikwa daraja lake. Risasi ya 4 inapiga jile ya 4, ya 3 inakwama. Angalia tu namba, nunua, ingia. Hizo 35 na 47 munazitoa wapi?

---

Neema_wa_Kalubwe

@Simu_tu_Bukavu wewe unaongelea Arena Breakout ya simu, mdogo wangu. Huko wametengeneza ngazi 1 hadi 6 pande zote mbili ili mtu asome haraka. Katuba anaongelea Tarkov, ambako risasi ina namba yake ya kupenya na jile ina daraja pamoja na uimara unaopungua kila inapopigwa. Ushauri wako ni mzuri kwa gemu yako.

@Kipushi45 umeshika nusu. Ni kweli daraja la 4 likiwa zima linasimama karibu na 40. Lakini Tarkov haifanyi kazi kama mlango wenye kimo, kwamba aliye mfupi anapita na mrefu anabaki nje. Kila risasi inapigiwa bahati. Wachezaji walishaichimba hesabu yake zamani, iko hivi. U ni uimara wa bamba kwa asilimia, D ni daraja, P ni namba ya kupenya, na R ni ukinzani uliobaki:

```
R = (121 - 5000 / (45 + 2*U)) * D * 0.1

P >= R         ->  100 + P / (0.9*R - P)
R-15 < P < R   ->  0.4 * (R - P - 15)^2
P <= R-15      ->  0
```

Jibu ni asilimia. Chukua bamba la daraja la 4 ambalo halijaguswa. R inakuwa 40.2. PS ya 35 iko chini yake kidogo, kwa hiyo unatumia mstari wa kati, unapata kama 38. Maana yake risasi ya kwanza ya PS ina nafasi 38 kati ya 100 za kupita. Si sifuri, Kipushi. Ila nayo si kitu cha kuwekea roho yako.

BP ya 47 kwa bamba hilohilo: mstari wa juu, unapata karibu 96.

Sasa angalia bamba likishachoka. Likibaki nusu ya uimara, R inashuka hadi 34.6, na PS ileile inapanda mpaka 91. Ndiyo maana watu wanapigana mitandaoni kuhusu PS. Mmoja amempiga mtu aliyetoka vitani tayari, bamba limekwisha, anasema PS ni moto. Mwingine amempiga mtu aliyetoka kujipanga sasa hivi, anasema PS ni mawe. Wote wawili wameona ukweli.

---

Kipushi45

Nimechukua kikokotoo. Kwa nusu imetoka 90 na kitu. Sawa.

Lakini nani atakuwa na bamba nusu? Watu wote ninaokutana nao mimi wametoka dukani.

---

Neema_wa_Kalubwe

Hapo uko sahihi, na ndiyo sababu sijasema PS inatosha.

Kuna kitu kingine ambacho hesabu ya kupita peke yake haionyeshi. Risasi ikishapita bamba haifiki mwilini na dameji yote. PS ina dameji 57. Ikipenya daraja la 4 zima inapoteza karibu theluthi moja, inafika na kama 38. Kifua kina uhai wa 85. Mbili zikipita ni 76, mtu bado amesimama. Unahitaji ya tatu, na ya tatu nayo inapigiwa bahati.

BP ina dameji 58, karibu sawa na PS. Lakini kwa sababu inapita kwa nafasi kubwa zaidi, inapoteza kidogo tu, inafika na kama 52. Mbili ni 104. Amekufa.

Kwa hiyo mtu akisema "dameji ni sawasawa, 57 na 58, kwa nini nilipe zaidi" anasoma safu moja ya jedwali. Hizo namba mbili zinasomwa pamoja.

Tuseme risasi zako mbili za kwanza zote zinagonga bamba zima la daraja la 4. Nafasi kwamba zote mbili za PS zitapita ni kama 15 kati ya 100, na hata zikipita bado hajafa. Kwa BP ni 91, na amekufa. Huyo jamaa wa mlangoni ndiye huyo.

---

Katuba_AKM

Asante yaya. Hapo nimeelewa yule wa pili. Lakini wa kwanza? Kwake PS ilifanya kazi mara mbili, tap tap, chini.

---

Neema_wa_Kalubwe

Umesema alikupa ubavu.

Tangu pachi 0.14 ya Desemba 2023 jile za Tarkov hazifuniki kifua chote kwa daraja moja. Kuna bamba, lina umbo lake na mipaka yake, mbele na nyuma, na jile zingine zina nafasi ya bamba la ubavuni. Pembeni ya mabamba kuna kitambaa, ambacho kwa jile nyingi ni daraja la 2 au la 3. Ukiona imeandikwa daraja la 4 ujue ni bamba linalosemwa, si kwapa na si ubavu.

PS ya 35 kwa kitambaa cha daraja la 3 kizima inapita 95 kati ya 100. Na haipotezi dameji kama inavyopoteza kwenye bamba. Zikigonga ubavu usio na bamba mara mbili, mtu anaanguka, ndivyo ulivyoona.

Kwa hiyo swali lako la PS ama BP linategemea sana unapigana namna gani. Mtu wa kuvizia, anayengoja mtu apite akimpa ubavu, PS inamtosha siku nyingi. Mtu wa kuvunja milango mabwenini, anakutana na watu uso kwa uso, bamba la mbele limemwangalia, huyo PS itamwaibisha.

---

Himbi_Goma

Yaya Neema huyu anajua. Ongeza umbali basi. Mimi napenda kupiga kutoka mbali na AKM, na naona PS zangu zinakuwa kama mate.

---

Neema_wa_Kalubwe

Risasi ikipunguza kasi hewani, dameji na kupenya vyote vinashuka. Ile 35 ni ya karibu. Ukiwa mbali, 35 imeshapungua, na kwa sababu PS ilikuwa tayari chini ya 40, kila namba inayopotea inakuumiza zaidi kuliko inavyomuumiza mwenye BP. BP ikipoteza mbili tatu bado iko juu ya mstari. PS ikipoteza mbili tatu inatoka kwenye 38 inashuka kuelekea 20.

Kwa AKM kutoka mbali mimi napiga watu wasio na bamba tu, skavu wanaoendeshwa na kompyuta na kadhalika. Hao hata PS ni anasa kwao.

---

Papa_Ruashi

Vijana, kijana wangu ameacha ukurasa huu wazi kwenye kompyuta nikausoma. Munaongelea risasi gani hizi na munazinunua wapi?

---

Himbi_Goma

Papa, ni gemu. Hakuna risasi inayonunuliwa, ni namba kwenye skrini tu. Usimchape.

Hata mimi hapa Goma nacheza na kaski masikioni. Mama hataki kusikia mlio wa bunduki ndani ya nyumba, hata wa gemu, na simlaumu.

---

Papa_Ruashi

Sawa. Lakini majina haya si ya uongo, PS nimewahi kuyasikia.

---

Neema_wa_Kalubwe

Majina wameyachukua kwenye risasi za kweli, papa, lakini hizo 35 na 47 ni za gemu na watengenezaji wanazibadilisha wakitaka. Mwaka huu namba moja, mwaka ujao nyingine. Hazimfundishi mtoto kitu cha nje ya gemu. Kama umeme ni tatizo la nyumba, hilo mzungumze naye.

---

Papa_Ruashi

Umeme ndio tatizo. Asante.

---

M4_Kamalondo

Kwa heshima yote, mnazunguka tu. M855A1, 44. Yaya hebu iweke kwenye hiyo hesabu yako.

---

Neema_wa_Kalubwe

Kwa daraja la 4 zima, 44 inatoa kama 94. Ni karibu sawa na BP ya AKM, hakuna ubishi. Dameji yake ni ndogo, 49, lakini M4 inapiga haraka zaidi, kwa hiyo inajilipa.

Tatizo lako, M4, ni kwamba umejibu swali la mtu mwenye mali. Katuba hawezi kununua M855A1 hovyo kama asivyoweza kununua BP. Risasi nzuri karibu zote haziuzwi Flea Market, lazima upandishe ngazi kwa wafanyabiashara, utengeneze mwenyewe, ama uokote. Ukimpa M4 bila M855A1 atatia M855 ya kawaida, ile 31. Kwa daraja la 4 zima hiyo ni kama 13 kati ya 100. Atakuwa amebadilisha bunduki ili awe dhaifu kuliko alivyokuwa.

---

M4_Kamalondo

Hiyo M855 ya kawaida sijawahi hata kuigusa.

---

Kipushi45

Ndiyo maana hujui shida za watu 😂

---

Katuba_AKM

Sawa, basi tuje kwenye BP nilizo nazo. Ni chache. Nijaze magazini moja yote ya BP niende nayo, ama nizigawe?

---

Neema_wa_Kalubwe

Zigawe, lakini si kwa kuchanganya ovyo.

Magazini inafyatua kwanza risasi uliyoiingiza mwisho. Kwa hiyo jaza PS kwanza, 20 chini, halafu BP 10 juu. Sababu ya 10 ni hii: AKM inapiga risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde moja. BP 10 ni sekunde moja ya kufyatua mfululizo. Ukiwa mabwenini, mtu ametoka mlangoni, sekunde ya kwanza ndiyo inayoamua. Na katika mfululizo wa AKM, risasi za mwanzo ndizo zinazokwenda unakolenga, zinazofuata zinapanda dari. Sasa kwa nini uweke BP kwenye risasi ambazo zitagonga dari?

Kwa namna hiyo BP ambazo zingejaza magazini moja zinakupa tatu, na kila moja inaanza kwa nguvu. Na hizo PS za chini si za bure. Kama BP za juu zimeligonga bamba lake na hajafa, bamba limechoka, na PS zinazofuata zinakuta ukinzani mdogo. Ile 38 imeshapanda.

BP za ziada usizibebe mfukoni. Weka kwenye kontena lako la siri. Risasi haziwekewi bima, ukifa nazo kwenye jile zimekwenda. Kwenye kontena zinarudi nyumbani hata wewe usiporudi.

---

Himbi_Goma

Hii ya BP juu naifanya, lakini kuna mahali inaniharibikia. Nikishapiga kidogo, nikajaza tena magazini katikati ya reidi, naona mambo yanageuka.

---

Neema_wa_Kalubwe

Hapo ndipo wengi wanapoteza bila kujua. Fikiri: umepiga 8, umebaki na BP 2 juu na PS 20 chini. Umejificha, unajaza. Mfukoni una PS tu, unazitia 8. Sasa juu ni PS 8, halafu BP 2, halafu PS. Pambano linalofuata unaanza na PS, na hizo BP zako mbili zinatoka wakati bunduki imeshapanda.

Njia ni mbili. Ama kila unapojaza katikati ya reidi unajazia BP tu kutoka kwenye kontena, ama hujazi kabisa, unabadilisha magazini nzima na ile iliyotumika unaiacha kwa ajili ya skavu.

Na kuna risasi moja ambayo watu wanaisahau, ile iliyomo kwenye chemba. Ukibadilisha magazini kabla haijaisha, risasi ya kwanza kutoka ni iliyobaki chemba, ya magazini ya zamani. Bonyeza Shift+T uangalie chemba, itakuonyesha ni ipi. Alt+T ni ya kukagua magazini, kujua umebaki na kiasi gani. Fanya hivyo umejificha, si mlangoni.

---

Kipushi45

Mimi bado nasema mnatafuta ugumu. Piga kichwani. Kichwa kina 35 tu, PS ya 57 inamaliza. Helmeti nyingi haifuniki uso.

---

Himbi_Goma

Piga kichwani wewe, mimi na pingi yangu ya mia mbili na zaidi nikilenga kichwa mtu ameshaondoka, napiga ukuta. Kifua ni kikubwa.

---

Neema_wa_Kalubwe

Kipushi hajasema uongo. Uso wazi hauulizi ni risasi gani. Lakini Himbi naye amesema jambo ambalo majedwali ya Ulaya hayaliandiki. Seva ziko mbali nasi. Adui anakuona mapema kidogo kuliko unavyomuona. Kwa hiyo ukiwa huku unapata risasi chache zenye maana kabla hajakujibu. Mwenye pingi ndogo anaweza kumvunja mtu polepole na PS, risasi ya nne, ya tano, ya sita, anakwepa, anarudi. Sisi hatuna huo muda. Mimi ndiyo maana naona BP juu ya magazini ina thamani zaidi kwetu kuliko kwao.

---

Mwana_Fizi

Nimesoma yote, hakuna aliyetaja risasi za HP na miguu. Miguu haina jile! HP ya 7.62x39 inapenya 15 tu, ndiyo, lakini dameji yake ni zaidi ya 75, na ni rahisi mno. Mguu una 65. Moja tu, mguu umekuwa mweusi. Ya pili, ya tatu, dameji inasambaa mwili mzima. Nimewalaza watu wa daraja la 6 hivi, wametumia mamilioni, wamekufa na bamba zima kabisa.

---

Kipushi45

Hiyo ni aibu.

---

Mwana_Fizi

Aibu ni kufa na BP kwenye sanduku nyumbani.

---

Neema_wa_Kalubwe

Mwana_Fizi, inafanya kazi, na kwa mtu mwenye daraja la 5 au la 6 ni bora kuliko PS kabisa. PS kwa daraja la 5 zima ni sifuri, R inakuwa 50 na 35 iko nje ya mstari. Hata BP hapo inakuwa 55 tu, na kwa daraja la 6 BP inakuwa 1. Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyevaa bamba nene, miguu ni jibu la kweli la maskini.

Lakini sikubaliani nayo kama risasi ya kubeba kila siku. Kwanza mguu lazima uuone, na watu wanasimama nyuma ya madirisha, meza, ngazi. Pili, inachukua risasi nyingi zaidi kuliko BP mbili za kifua, kwa hiyo naye ana muda wa kukujibu. Tatu, ukimkosa mguu ukagonga bamba, HP haifanyi chochote, hata kulichosha inalichosha kidogo.

---

Mwana_Fizi

Ya pili nakataa. Mguu ukishakuwa mweusi hawezi kukimbia kama hajanywa dawa ya maumivu. Amesimama. Nani anajibu vizuri akiwa ameshtuka?

---

Neema_wa_Kalubwe

Wengi wameshakunywa dawa kabla ya kuingia mabwenini. Jaribu siku watu watano wa skwadi wamejiandaa.

---

Mwana_Fizi

Nimejaribu. Tutofautiane tu yaya.

---

Simu_tu_Bukavu

Kwa hiyo kwenye simu HP ya miguu inafanya kazi?

---

Himbi_Goma

Fungua uzi wako wewe 😂

---

Katuba_AKM

Nimejipanga hivi, nirekebisheni kabla sijamaliza mega. Magazini tatu, PS 20 chini, BP 10 juu. BP zilizobaki kwenye kontena. Magazini ya nne ni ndogo, HP tupu, kama nikiona mtu amevaa kama tanki.

---

Neema_wa_Kalubwe

Ya nne hutaifikia. Mpaka utambue amevaa nini, uitoe hiyo nyingine, uitie HP, pambano limekwisha. Na kumbuka chemba, ya kwanza itakayotoka itakuwa BP au PS, si HP. Kama ni lazima uwe na HP, ingia nayo siku nzima ya mabwenini umeamua miguu, ama usiibebe.

Na jambo moja la kuangalia: bamba ni la nini. Ukimmaliza mtu, fungua jile yake usome bamba limetengenezwa na nini. Keramiki inavunjika haraka, PS zako za chini zitakuwa na kazi baada ya BP. Chuma kinavumilia zaidi kidogo kuliko keramiki, hapo unaweza kuongeza BP, labda 15 juu badala ya 10. Kwenye mabwenini utaanza kuona ni ipi inayovaliwa zaidi na watu unaokutana nao.

---

Kipushi45

Tangu toleo la 1.0 la Novemba 2025 mimi naona chuma zaidi. Sina takwimu, ni macho yangu.

---

Himbi_Goma

Mimi naona keramiki tu. Labda kwa sababu nakutana na maskini wenzangu.

---

Katuba_AKM

HP naiacha. Naingia na hizo tatu, BP 10 juu. Umeme ukibaki nitaandika matokeo, na nitapiga picha ya mabamba nitakayoyakuta tuone kati ya Kipushi na Himbi.

---

M4_Kamalondo

Ukichoka na AKM, M4 yangu ya akiba iko kwa bei nzuri.

---

Kipushi45

Na M855 za kawaida ndani yake, bila shaka.